Mrejesho: ujumbe wa kuomba advansi ya kitanda

Niliuliza: "Mafundi wenzangu, nimemwandikia mteja 'Bosi naomba advansi nianze kitanda, nyingine utamalizia.' Siku ya nne kimya. Niuandikeje?"

Ahsanteni sana wote mlionijibu. Nilifuata ushauri wa kutaja kiasi, na wa kuhesabu siku kuanzia pesa inapoingia. Nikatuma hivi:

"Habari bosi. Kitanda cha mninga, 5 kwa 6, bei 650,000. Advansi 400,000 ya mbao na vanishi. Baki 250,000 utalipa hapa karakana ukishakikagua, kabla hakijapakiwa. Kitakuwa tayari siku 14 baada ya advansi kuingia."

Jioni ile ile alipiga simu. Kilichokuwa kimemkwamisha ni lile neno "nyingine": hakujua ni ngapi wala ailipe lini. Alituma 300,000 Jumatatu, 100,000 Alhamisi. Nikamjibu mara moja: "Advansi imetimia leo, siku 14 zinaanza leo." Bila sentensi hiyo angehesabu kuanzia Jumatatu, nami mbao nilikuwa sijanunua.

Kitanda kilitoka siku ya 13, na baki akalipa yote kabla ya kupakia.

Nilipokosea ni usafiri. Sikuuandika, yeye akajua umo kwenye bei, ikabidi tugawane 30,000 ya kirikuu nusu kwa nusu. Sasa naongeza mwishoni: "Usafiri ni juu ya mteja."