Kamera nne zimeachwa dukani, rekoda haipo. Nitajuaje ni za aina gani, na nitafute DVR ipi?

Dada wa Msamvu:
Wakuu, habari za muda huu. Nimepanga fremu ya duka la dawa hapa Morogoro. Mpangaji aliyetoka kaacha kamera nne ukutani lakini rekoda kaondoka nayo. Tatu ni ndefu kama tochi, nyeupe, zina kipande cha plastiki juu kama kofia ya jua. Ya nne, ya mlango wa nyuma, ni ya mviringo kama yai lililokatwa. Lebo za nje zimepauka, hazisomeki.

Kila kamera ina mkia wenye ncha mbili: moja ya chuma inayozungushwa kidogo ndipo inakaza, nyingine tundu la duara lenye pini nyembamba katikati. Kutoka hapo hadi kaunta imepita waya ya bluu, ile ya intaneti. Huku kaunta zimebaki ncha zinaning'inia tu.

Fundi mmoja kaniambia nitupe zote ninunue za waifai. Nimepakua programu tatu kwenye simu, hakuna hata moja inayoziona. Naomba mnisaidie kabla sijatoa hela.

Mzee wa Kihonda:
Waya ya bluu ni ya mtandao, kwa hiyo hizo ni kamera za IP, zinazotuma picha kwa mtandao. Nunua NVR, yaani rekoda ya kamera za IP, na swichi ya PoE inayopitisha umeme kwenye waya hiyo hiyo, chomeka, kazi imeisha. Na kwa umbo hilo la tochi ni Hikvision, nimeziona nyingi.

Baba Neema:
Ya kwangu ni ile ya kufunga kwenye soketi ya taa. Nilihangaika wiki nzima, kumbe ikiwashwa inatoa waifai yake yenye jina linaloanzia MV, halafu namba. Nikaweka programu ya V380 Pro ikashika. Dada, fungua orodha ya waifai kwenye simu uone kama kuna jina la hivyo.

Fundi Waya:
Baba Neema, hiyo njia ni sahihi kwa kamera yenye waifai yake. Za dada hazina waifai, ndiyo maana programu zote tatu zimetoka kapa. Ncha ya chuma ya kuzungusha ni BNC, na kamera ya BNC inatoa picha tu kwenye waya. Haina anwani ya mtandao, haina akaunti. Programu ya simu inaongea na rekoda. Kwa hiyo dada usitafute programu sasa, itakuja na rekoda utakayonunua.

Mzee wa Kihonda, waya ya bluu inadanganya watu wengi. Mafundi wanaitumia kubeba picha ya BNC kwa sababu ni rahisi kuivuta, na kila mwisho wanafunga kiplagi chenye BNC upande mmoja na skrubu mbili upande wa pili. Tunaita baluni. Usiangalie waya ya ukutani, angalia mkia wa kamera yenyewe. Ingekuwa ya IP, mkia ungekuwa na tundu la mraba la waya ya mtandao. Dada, panda ngazi uangalie: mkia umeingia kwenye kitu chenye skrubu mbili?

Na umbo tusilitegemee. Ganda la tochi lile lile linafungwa na makampuni mengi, hata yasiyo na jina. Linaweza kukupa wazo, haliwezi kukupa jibu.

Dada wa Msamvu:
Ndiyo kaka, kipo. Kidogo kama kifuniko cha kalamu, skrubu mbili zimebana nyuzi mbili za bluu. Nyuzi za kahawia na za kijani zimeungwa kwenye umeme.

Fundi Waya:
Basi ni za BNC. Sasa tafuta lebo ya pili. Fungua skrubu za kitako ukutani, geuza kamera, angalia chini ya kitako na pale ilipokuwa imejificha na jua. Hata nusu ya namba inatosha. Ikianza na DS-2CE ni Hikvision ya BNC, DS-2CD ni ya kwao ya IP. Ikianza na HAC ni Dahua ya BNC, IPC ni ya IP. Angalia pia kama mkia una kitufe au kiswichi kidogo.

Dada wa Msamvu:
Nimeshusha mbili. Ya tochi inasomeka HAC-HFW1200, mwisho umefutika. Ile ya yai ni DS-2CE56D0T-IRF, na mkiani ina kitufe. Kumbe ni makampuni mawili tofauti! Hapo nimekwama kweli. Ninunue rekoda ya nani?

Fundi Waya:
Hujakwama. HAC-HFW1200 ni za megapikseli 2, kwa kawaida zinatoa mfumo wa CVI, ambao ni wa Dahua. D0T nayo ni megapikseli 2, mfumo wake wa kawaida ni TVI. Herufi F mwishoni inaonyesha kwamba inabadilishika: TVI, CVI, AHD au CVBS ya zamani. Kwa hiyo tafuta rekoda ya njia 4 inayopokea mifumo yote hiyo. Dahua wanaiita XVR. DVR nyingi za Hikvision za sasa nazo zinapokea, lakini soma boksi: lazima CVI iandikwe. DVR ya zamani isiyojua CVI itakuonyesha giza au picha nyeusi na nyeupe inayotambaa, na utadhani kamera imekufa.

Ukichukua XVR ya Dahua, programu ni DMSS. Ukichukua ya Hikvision, ni Hik-Connect. Unaskani msimbo ulio kwenye rekoda, kamera zote nne zinaingia pamoja. Rekoda nyingi zinauzwa bila diski ya kuhifadhia picha, uliza kabla hujalipa.

Mzee wa Kihonda:
Hapo kwenye baluni nakubali, sikuuangalia mkia. Ila dada, uwe makini na neno Lite kwenye boksi. Nilinunua moja, inarekodi 1080N, yaani upana nusu. Sura ya mtu aliye mbali haitambuliki.

Fundi Waya:
Hilo ni kweli kabisa. Na kabla ya kununua, zijaribu. Beba kamera moja moja dukani kwa muuzaji na adapta ya volti 12, achomeke kwenye rekoda hiyo hiyo unayotaka. Dakika tano tu.

Mjukuu wa Bibi:
Kwa nini asimtafute aliyehama amuuzie rekoda yake? Itakuwa inaendana tayari.

Fundi Waya:
Anaweza, kwa sharti moja: mwenyewe aifute kwenye akaunti yake mbele yako. Asipofanya hivyo, programu yako itaikataa, na yeye ataendelea kuona duka lako.

Dada wa Msamvu:
Mrejesho. Nimechukua XVR ya njia 4. Tochi zote tatu zimeonyesha picha papo hapo bila kugusa chochote, na DMSS imeshika. Ya mlango wa nyuma mchana inaonyesha safi, usiku ikiwasha taa zake picha inakatika na kurudi.

Fundi Waya:
Huo ni umeme. Taa za usiku zinaongeza mzigo, na nyuzi za waya ya bluu ni nyembamba, volti zinapungua njiani. Pima kule kwenye kamera usiku, siyo kaunta. Adapta yako ni ya ampea ngapi, na waya ya nyuma ina mita ngapi?

Dada wa Msamvu:
Ni ampea 2, moja kwa zote nne. Mita sijapima, inazunguka darini. Nitaazima mita ya fundi wa redio kesho jioni nipime.