Tupeane uzoefu: uliwahi kumwomba mtaalamu mwenye shughuli nyingi dakika kumi tu? Ilikuwaje?

KijanaWaManyoni:
Wakuu, habari za jioni. Mzee amechimbiwa kisima kirefu huku kwetu. Fundi anasema pampu ikae mita 60, mimi roho haijatulia. Nimepewa namba ya mjiolojia wa maji mmoja, kila mtu anamsifu ila wanasema hashikiki. Sitaki kumpa kazi, nataka kumuuliza kitu kimoja tu. Naandika, nafuta. Mliowahi kupata dakika za watu wa aina hii, mliingiaje?

Ngosha_Mtulivu:
Piga simu. Ujumbe ni wa waoga. Mimi mtu namvizia saa moja na nusu asubuhi kabla hajaingia ofisini, hana pa kukimbilia.

MamaPacha:
Saa moja na nusu mtu yuko kwenye foleni, watoto wa shule kiti cha nyuma, halafu namba ngeni inaita. Mimi nakata, na nikishakata siipokei tena.

Ngosha_Mtulivu:
Wewe ni mjiolojia?

MamaPacha:
Mimi ni mhasibu, na kila mwezi wa tatu kila ndugu anakumbuka kuwa ana "swali dogo la kodi". Usinifundishe.

Kisukuku:
Natafuta maji ardhini kwa kijiti, nina miaka mingi kwenye hiyo kazi. Manyoni nafika, bei tunaelewana. Njoo pembeni.

KijanaWaManyoni:
Mzee Kisukuku, kisima kimeshachimbwa.

Rukia_wa_Tandale:
Mmenikumbusha mbali. Nilikuwa nimemaliza chuo, nataka kujua jambo moja tu kwa mhandisi mmoja mkubwa: je, nianze na kampuni ya ujenzi wa barabara au nisubiri nafasi ya usanifu? Nikamwandikia, akajibu, "Leo naenda uwanja wa ndege, nitapita Ubungo saa tisa, panda gari tuongee njiani." Nikapanda. Jamani, yule baba alinipa shule! Aliniambia nianze saiti, kwa sababu aliyechora kalvati bila kuona mvua ikilipita juu atalichora dogo maisha yake yote. Tumefika uwanjani anajipapasa mfukoni, pasi hana. Ameiacha mezani ofisini! Dereva anatakiwa kumpeleka mgeni mwingine. Akanitazama. Nikachukua bodaboda na barua aliyoandika kwa mkono ya kumwonyesha mlinzi, mvua inanyesha, pasi nimeificha kifuani kwenye mfuko wa nailoni...

Chakubanga_Jr:
Ikafika??

MamaPacha:
Dada usituache hapo.

Rukia_wa_Tandale:
Nimefika wanafunga dirisha la mizigo. Akaipokea, akakimbia, hata asante sikusikia vizuri.

Ngosha_Mtulivu:
Na kazi alikupa?

Rukia_wa_Tandale:
Sikuomba kazi. Niliomba jibu, na jibu nilipata kabla hatujapita Tazara.

Chakubanga_Jr:
Nauli ya bodaboda je?

Mpimamaji:
Turudi kwa kijana. Mimi ni mjiolojia wa maji, si huyo aliyepewa namba yake, lakini simu yangu inafanana na yake. Nikiamka nakuta "Habari mtaalamu", halafu kimya, ananisubiri niitikie ndipo aanze. Nakuta sauti ya dakika sita, imerekodiwa karibu na jenereta. Nakuta "naomba ushauri kuhusu visima". Hizo zote sizichukii, ila nasema nitazijibu nikitulia, na situlii. Ninayemjibu hapohapo ni yule ambaye swali lake nalisoma nimesimama na jibu nalijua nikiwa bado nimesimama. Bandika hapa ulichoandika.

KijanaWaManyoni:
Shikamoo. Niliandika hivi: "Shikamoo Mhandisi, samahani sana kwa usumbufu, najua una majukumu mengi, mimi ni kijana wako kutoka Manyoni, baba yangu ni mkulima mstaafu na tumekuwa na changamoto ya maji kwa muda mrefu, hivyo tungependa kupata mwongozo wako kuhusu kisima chetu, ukipata nafasi naomba tuonane popote utakapopanga."

Mpimamaji:
Marahaba. Adabu ipo, swali halipo. "Mwongozo" ni mchana mzima, na "tuonane popote" umenipa mimi kazi ya kupanga. Una karatasi ya jaribio la kusukuma maji?

KijanaWaManyoni:
Ninayo. Kisima mita 90. Maji yakiwa yametulia yako mita 18 kutoka juu. Walisukuma lita 3,000 kwa saa, saa mbili. Dakika ya 90 yalikuwa mita 51, dakika ya 120 yalikuwa 54.

Mpimamaji:
Sasa andika hivi:

"Shikamoo Mhandisi. Naitwa fulani, namba nimepewa na fulani. Kisima cha mzee Manyoni kina mita 90, fundi anataka pampu ikae mita 60. Jaribio la saa mbili liliishia maji yakiwa mita 54. Naomba dakika kumi za simu, Alhamisi au Ijumaa baada ya saa kumi, unisaidie jambo moja: je, kwa karatasi hii mita 60 inatosha? Picha ya karatasi nimeiambatanisha. Kama si wakati mzuri, ukinitajia mtu mwingine nitashukuru."

Shikamoo iache, maana ndiyo mlango. Jina la aliyekupa namba liwe mwanzoni, usilifiche mwishoni. Na picha ipigwe juani, karatasi imelala, namba zisomeke.

Ngosha_Mtulivu:
Kumbe na wewe umesema simu!

Mpimamaji:
Simu iliyoombwa, kaka. Si ya kuviziwa.

MamaPacha:
Hapo kwenye "ukinitajia mtu mwingine" ndipo mtu anapumua. Mimi hujibu hata kama ni kumkataa.

Chakubanga_Jr:
Ila mnawadekeza watu. Mtaalamu alipwe. Tuma elfu hamsini kwanza uone kama hatajibu.

Mpimamaji:
Ukinitumia hela kabla sijasema kitu umenifunga, narudisha. Dakika kumi za simu ni bure. Ukitaka nije saiti au niandike ripoti nitie sahihi, hiyo ni kazi na ina bei yake. Tatizo ni wanaoanza na dakika kumi halafu dakika ya tisa wanasema "na sasa hivi uko wapi, tukufuate?"

Rukia_wa_Tandale:
Wengine tunasema wapokee nauli ya mafuta angalau. Si kila mtu ana moyo wako.

Chakubanga_Jr:
Na wewe bado hujasema nauli ya bodaboda ililipwa na nani.

KijanaWaManyoni:
Kaka Mpimamaji, sasa kwa kuwa karatasi umeiona, mita 60 inatosha?

Mpimamaji:
Umenipata. Kwa karatasi hiyo hakuna anayeweza kukujibu. Tazama mwisho wake: nusu saa ya mwisho maji yameshuka mita tatu, na walizima pampu yakiwa bado yanashuka. Kwa mwendo huohuo saa mbili nyingine zingekufikisha mita 66, chini ya pampu yako ya 60. Huenda yangepunguza mwendo, huenda yangeongeza. Sehemu kubwa ya huko kwenu ni mwamba wa itale, maji yamo kwenye nyufa. Ufa ukishaishiwa maji, kiwango kinaporomoka ghafla, pampu inavuta hewa na mota inaungua. Kushusha pampu mita 70 si dawa kama kisima chenyewe hakizai lita 3,000.

Kwa hiyo usimuulize kina cha pampu. Badilisha sentensi moja tu: "Je, fundi arudie jaribio kwa lita ngapi kwa saa, na kwa muda gani?" Mimi ningeanza na 1,500, saa 24, halafu nipime maji yanarudi juu kwa kasi gani baada ya kuzima. Yeye anaweza kusema vingine, na yeye ndiye anayeijua Manyoni.

Ngosha_Mtulivu:
Saa 24 dizeli nani anaweka? Saa sita zinatosha, mafundi wetu hawajawahi kufanya zaidi.

Mpimamaji:
Ndiyo maana nina mota nyingi za kutazama.

KijanaWaManyoni:
Nimetuma. Tiki mbili, bado hazijawa bluu. Nimkumbushe kesho?

MamaPacha:
Kesho mapema mno. Acha wiki, kumbusha mara moja, mstari mmoja, basi.

Ngosha_Mtulivu:
Piga.

Mpimamaji:
Siku nne. Na akishakujibu, jaribio likirudiwa mtumie vipimo vipya hata kama huna swali. Wengi huchukua jibu wakapotea, nami sijui kama kisima kilitoa maji au la.

Kisukuku:
Kikishindikana, mimi bado nipo.