Siku moja Tanga: Amboni asubuhi, Tongoni jioni

Rajabu, Tanga

Assalaam aleikum ndugu zangu mlioko kwenye baridi. Mnaokuja likizo ya Desemba mmeniulizia safari ya siku moja, basi ndiyo hii.

Saa moja asubuhi nawapitia na Noah, watu sita mwisho. Tunaanza Mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kwa barabara ya Horohoro, tunaingilia Kiomoni. Mchana tunarudi mjini kula wali wa nazi na samaki, tunapumzika jua lipungue. Saa tisa tunashika barabara ya Pangani hadi Tongoni, kama kilomita 20, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Ufukwe huo ndio Vasco da Gama alikoichomea meli yake Sao Rafael mwaka 1499, mabaharia wake wameliwa na kiseyeye hata hawatoshi kuziendesha zote. Magharibi mko nyumbani.

Bei ni 90,000 mtu mzima, mtoto chini ya miaka 12 nusu. Humo mna gari, kiingilio cha Mtanzania kote kuwili, mwongozaji wa pangoni, tochi, maji na chakula. Soda na bakshishi juu yako.

Sasa niseme ukweli, maana wengine huambiwa "ni matembezi tu". Tongoni ni tambarare, tatizo lake jua. Amboni ni shughuli. Ndani giza totoro, joto la jasho, harufu ya popo, na chini panateleza. Kuna pa kuinama mpaka kiunoni na pa kutambaa kwa magoti. Mwenye mwili mkubwa hapiti kila upenyo, na hilo si aibu, mwongozaji anajua pa kumzungushia. Ukihisi pumzi inabana, sema kabla ya pembamba, kwani kurudi nyuma watu wamekufuata ni tabu kwa wote. Kandambili hapana. Baibui sawa, ila vaa suruali ndani upate kulikunja.

Mwanahawa, Leicester

Shikamoo kaka Rajabu. Nakuja na mama, miaka 68, goti lake bovu. Mume wangu Mwingereza, ana futi sita na ushee. Watoto wana 9 na 13. Mimi mzaliwa wa Ngamiani lakini pasi yangu sasa ya huku. Hesabu yetu inakuwaje?

Mzee Kombo, Maskati

Sisi tulikwenda kwa baiskeli, bure! Na muwaambie watu ukweli, pango lile linatokea Mombasa. Mbwa aliingia Amboni akaonekana huko.

Rajabu, Tanga

Marahaba dada. Wakubwa ni watatu, na wa miaka 13 namhesabu mkubwa: 360,000. Wa 9 ni 45,000. Jumla 405,000. Juu yake kuna nyongeza ya kiingilio, maana getini wanaangalia pasi, hawaulizi umezaliwa mtaa gani. Mama peke yake ndiye wa bei ya ndani, aje na kitambulisho cha NIDA. Watoto wanahesabiwaje nitauliza kwanza, sitaki kukutajia bei ya kubahatisha.

Mama asiingie. Hata akiziweza ngazi, goti halitaweza kutambaa. Atakaa nje kivulini, dereva yupo naye, Tongoni tutakuwa wote. Shemeji ataingia, ila ajue atagonga kichwa. Mvua ya vuli ikinyesha sana usiku, tunaanza Tongoni tupate muda wa njia kukauka kidogo. Mwongozaji akisema leo mwisho hapa, ni hapo.

Mzee Kombo, shikamoo. Mbwa huyo kila mtu kamsikia. Wapimaji wa Kijerumani na Kituruki walipapima 1994, wakakuta ni mapango mbalimbali, na refu kuliko yote ni kama mita 900.

Mzee Kombo, Maskati

Hao wapimaji hawakuwa na mbwa.

Tunu, Oslo

Mimi ni nesi, naomba niongeze. Mavi ya popo makavu yakitimuka vumbi yanaweza kuwa na kuvu anayeshambulia mapafu. Wengi hawaoni lolote. Ila mwenye pumu kali, mjamzito, au anayetumia dawa za kushusha kinga, kwa mfano za baridi yabisi, akae nje na mama. Na ukisharudi huku ukapata homa na kikohozi ndani ya wiki mbili tatu, mwambie daktari kwamba uliingia pango la popo. Malaria atapima, lakini hili la pango hatalikumbuka usipomtajia. Dada Mwanahawa, goti la mama ni la uzee au anatumia dawa?

Salim, Kolambasi

Noah hiyo inaweza kutuchukua uwanja wa ndege Dar? Tuko tisa na masanduku.

Mwanahawa, Leicester

Da Tunu, anachomwa sindano kila wiki, jina sijui, nitamuuliza leo. Kaka Rajabu, mimi nitabaki naye nje. Je, tusioingia pangoni kiingilio tunalipa vilevile?

Rajabu, Tanga

Geti liko kabla ya kivuli, kwa hiyo naona mtalipa. Nitawauliza pamoja na la watoto. Salim, tisa na masanduku hilo ni basi dogo, nipigie.