Ratiba ya mikutano ya wanunuzi na wauzaji inanikwama kwenye mikutano ya mwisho, msaada wakuu

Mratibu Mgeni
Wakuu, habari za saa hizi. Nina wanunuzi 14 na wauzaji 35. Siku ina zamu 10, kila zamu dakika 20: kumi na tano za mazungumzo, tano za kuhama meza. Kila mnunuzi ana meza yake, muuzaji ndiye anayetembea. Pande zote zimeshachaguana na mikutano iliyokubaliwa ni 118. Nimejaza kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikakwama. Mfano, mnunuzi namba 6 amebakiwa na zamu ya 4 tu, ila muuzaji 21 anayetaka kumwona yuko huru zamu ya 7 na ya 9 tu. Nifute mkutano huo au niongeze zamu?

Kiti Moto
Unajitesa bure. Wauzaji wakae kwenye mstari, kengele ikilia kila mmoja asogee meza moja kulia. Hakuna atakayegongana na mwenzake.

Mratibu Mgeni
Mkuu, hapo kila mtu atamwona kila mtu. Wangu wamechaguana, na meza 14 kwa zamu 10 hazizungukiki.

Bi Daftari
Mimi mwaka jana niligongana kwa sababu nyingine kabisa. Dada mmoja alikuwa amejiandikisha kwa kampuni mbili. Kwenye daftari kila kampuni ilikuwa na ratiba safi, lakini yeye zamu ya 3 alitakiwa meza mbili. Tangu hapo naandika jina la mtu atakayekaa kitini, siandiki kampuni.

Fundi Ratiba
Bi Daftari kagusa penye kidonda, anzeni hapo. Zamu safu A, mnunuzi B, mtu wa upande wa muuzaji C, kisha:

```
=COUNTIFS(A:A,A2,C:C,C2)>1
```

Ikitoa TRUE, mtu huyo yuko sehemu mbili zamu hiyohiyo. Rudia kwa safu B.

Sasa swali lenyewe. Usifute wala usiongeze zamu. Kama hakuna mtu mwenye mikutano zaidi ya 10, na wote wapo siku nzima, ratiba ya zamu 10 ipo, lazima. Mhungaria Dénes Kőnig alishathibitisha hilo mwaka 1916. Kinachokukwamisha ni mpangilio uliokwisha kuweka, nafasi unazo. Kwa hiyo sogeza waliokwisha kupangwa, lakini ukicheza na zamu mbili tu: 4 na 7.

Mkutano wa 6 na 21 uweke zamu ya 4. Muuzaji 21 zamu ya 4 alikuwa na nani?

Mratibu Mgeni
Mnunuzi 2.

Fundi Ratiba
Wahamishie hao wawili zamu ya 7. Mnunuzi 2 zamu ya 7 alikuwa na nani? Huyo naye mlete zamu ya 4. Endelea hivyo mpaka umkute aliye huru.

Mratibu Mgeni
Alikuwa na muuzaji 30. Huyu 30 zamu ya 4 ana mnunuzi 11, nampeleka ya 7. Na 11 zamu ya 7 hana mtu! Lakini si inaweza kuzunguka ikanirudisha kwa mnunuzi 6?

Fundi Ratiba
Haiwezi. Kila mnunuzi unayemfikia, unamfikia kwa sababu ana mkutano zamu ya 4. Namba 6 zamu ya 4 alikuwa mtupu, ndiyo maana tulianzia kwake. Mnyororo hauna njia ya kumrudia.

Mratibu Mgeni
Nimefurahi mapema. Mnunuzi 11 yuko mtupu zamu ya 7 kwa sababu anaondoka baada ya ya 6.

Fundi Ratiba
Ndiyo maana nilisema "wote wapo siku nzima". Wakiwepo wanaochelewa na wanaowahi kuondoka, ile ahadi inavunjika. Wakiwa wengi, huenda ratiba isiwepo kabisa. Ila 21 ana pengo jingine. Jaribu 4 na 9.

Mratibu Mgeni
Mnunuzi 2 zamu ya 9 ana muuzaji 17. Na 17 zamu ya 4 yuko huru, nimemuuliza, yupo. Hatua mbili tu zimetosha! Nilikuwa nimeshaandika barua ya kumwomba radhi 21.

Bi Daftari
Ila mnunuzi 6 sasa ana kumi kwa kumi. Mazungumzo ya zamu ya 2 yakirefuka atapumulia wapi? Mimi sivuki nane.

Fundi Ratiba
Hapo tunatofautiana. Kengele kali, mtu wa kugonga meza, basi. Ukiwaachia zamu wazi watazijaza wenyewe kwa kuitana koridoni, na hizo huwezi kuzihakiki.

Bi Daftari
Kengele kali haimwamshi mnunuzi aliyeshika sampuli mkononi. Mratibu, ikifika siku yenyewe uje utuambie 6 alichelewa meza ngapi.