Wakuu, nivae shati gani na nikae ukuta upi kwenye kolu ya video? Uso unatoka kijivu kama nimetoka kuumwa

Daftari_Jeusi

Habari zenu wadau. Alhamisi nina usaili wa kazi kwa video, saa 1 usiku. Wiki ilopita nilifanya wa kwanza na yule mama aliyekuwa ananihoji akaniuliza kama niko sawa kiafya, nikacheka tu ila baadae nikaangalia rekodi nikaelewa kwanini kauliza. Mi ni mweusi wa kawaida, siumwi chochote, ila kwenye ile video uso ulikuwa na rangi ya jivu, macho hayaonekani vizuri, meno ndo yanaonekana.

Siku hio nilivaa shati jeupe pe, nyuma yangu ukuta mweupe. Nikajaribu tena mwenyewe na shati la njano ile ya kukoza nikahamia ukuta wa pili ambao ni kijani mpauko wa rangi ya mafuta, ndo nikazidi kuharibika, nikawa kama mtu aliyekula kitu kibaya.

Nilichonacho: shati jeupe, samawati, njano, damu ya mzee, jeusi, na moja la vidrafti vidogo vidogo. Chumba kina ukuta mweupe upande mmoja, ukuta wa pembeni ndo huo kijani, na upande unaotazamana na ule mweupe kuna kabati kubwa la mbao rangi ya kahawia. Taa ya dari moja na taa ya mezani moja. Sina hela ya kununua vitu vya studio, nisaidieni kwa hivi hivi.

kipepeo77

Shati jeupe halijawahi kumuangusha mtu kaka, nyeupe inarudisha mwanga usoni, hata wapiga picha wanashika kile kibao cheupe chini ya kidevu. We rudi kwenye jeupe lako, tatizo ni kamera ya laptopu ni mbovu.

Mzee wa Ringi

Pole sana. Ngozi ikikauka inapauka, anza leo kunywa maji ya kutosha na upake mafuta kabla ya kolu.

Daftari_Jeusi

@Mzee wa Ringi asante mzee wangu ila kwenye kioo niko freshi kabisa, ni kwenye video tu 😂

FundiMwanga

Nimeshika kamera za harusi na za vipindi miaka mingi, ngoja nikwambie kinachotokea, na kipepeo77 yuko sawa nusu.

Kamera ikiwa kwenye otomatiki haijui wewe ni nani. Inachukua picha yote iliyo mbele yake, inatafuta wastani wa mwanga, alafu inapandisha au kushusha mpaka wastani ule ufike katikati, yaani kijivu cha kati. Zipo zinazoutambua uso na kuupa kipaumbele ila za laptopu nyingi bado zinahesabu fremu nzima. Sasa we umejaza fremu na weupe, ukuta mweupe juu, shati jeupe chini, uso wako ndo kitu pekee cheusi na ni sehemu ndogo. Kamera inasema hapa pana mwanga mwingi mno, inashusha. Ukuta unageuka kijivu, na uso ambao ulikuwa chini yake unazama kabisa. Alafu video inapobanwa ili isafiri kwenye mtandao, sehemu za giza ndo zinakatwa maelezo ya kwanza, ule mng'ao wa ngozi kwenye mashavu na paji unafutika, unabaki jivu. Hio ndo "kuumwa" yako.

Kwa hio shati jeupe linarudisha mwanga chini ya kidevu ni kweli kabisa, ila kile kibao cha mpiga picha hakionekani kwenye fremu! Shati linaonekana. Linakupa kidogo kwa mkono mmoja linakunyang'anya kingi kwa mwingine.

Hakikisha mwenyewe, usiniamini mimi. Kaa hapo hapo kwenye ukuta mweupe, fungua programu ya kamera ya laptopu, rekodi, alafu baada ya sekunde kadhaa mwambie mtu ashike shuka jeusi nyuma yako bila kugusa taa yoyote. Utaona uso unapanda wenyewe.

nuru_ya_asubuhi

Naomba niongeze kutoka upande wa pili. Mi nina ualbino, na ushauri wa "vaa giza kaa kwenye giza" kwangu ni balaa. Nilikuwa nakaa mbele ya pazia jeusi na sweta jeusi, kamera inaona giza tupu inapandisha mwanga, uso wangu unaungua, pua haionekani, nikawa kama balbu. Nimehamia ukuta wa kijivu hivi na shati la samawati ndo nikarudi kuwa na sura. Kwahio nadhani sio rangi fulani ni nzuri, ni usiache vitu vinavyokuzunguka viwe mbali sana na uso wako kwa mwanga.

FundiMwanga

@nuru_ya_asubuhi umesema kwa mistari mitatu nilichotaka kusema kwa kurasa mbili, asante dada. Uso wowote, vinavyouzunguka viwe karibu nao kwa mwanga, vipungue kidogo tu ili uso uwe ndo kitu cha kwanza jicho linakiona.

chuma chakavu

Mbona mnajitesa, si aweke blar au ile picha ya ofisi nyuma basi ukuta umekwisha habari yake

FundiMwanga

Haijaisha mkuu. Kamera inapima mwanga kwanza, programu ndo inakuja baadae kukata na kubandika. Ukuta mweupe bado upo machoni pa kamera hata kama wenzako hawauoni. Uso utakuwa giza vile vile, tena safari hii umebandikwa kwenye ofisi inayong'aa, na masikio yanaliwa liwa ukigeuka.

chuma chakavu

Kwangu blar ilisaidia lakini, uso ulikuwa klia zaidi. Labda kompyuta na kompyuta.

Daftari_Jeusi

FundiMwanga nimefanya la shuka, ni kweli aisee, uso umepanda kama mtu kawasha taa! Sasa nieleze ile ya kijani na njano, maana ule ukuta sio mweupe lakini ndo nilionekana vibaya zaidi.

FundiMwanga

Pale kuna mambo mawili yamekukuta kwa pamoja. La kwanza, ukuta wa rangi unarudisha mwanga ukiwa na rangi yake, na chumba chako nadhani kidogo, kwa hio taa inagonga ule ukuta wa kijani inarudi kwenye shavu lako la upande huo ikiwa na ukijani. Shati la njano nalo linafanya hivyo hivyo chini ya kidevu. Kijani na njano kwenye ngozi, awe mweusi awe mweupe, macho ya binadamu yanasoma ugonjwa.

La pili halionekani kirahisi. Kamera nyingi pia zinajirekebisha rangi zenyewe. Ikiona njano imejaa kwenye fremu inadhani taa yako ndo ya njano, inaongeza bluu ili kusawazisha. Shati linapoa kidogo, ila uso ambao haukuwa na tatizo unaongezewa bluu bure, na ngozi nyeusi ikiongezwa bluu inakuwa jivu. Ndo maana samawati au bluu ya wastani inawapendeza wengi, pale kamera inasukuma kinyume, inaongeza joto, uso unakuwa na damu. Kipimo ni karatasi nyeupe. Ishike pembeni ya shavu ukiwa kwenye kamera, ikionekana ya kijani au bluu basi na uso wako una hio rangi hata kama hujaigundua.

Sasa chumba chako. We umeupa ukuta mweupe mgongo, ugeuzie uso. Kaa ukiutazama, laptopu katikati yenu, kabati la mbao liwe nyuma yako. Taa ya mezani iweke nyuma ya laptopu, iangalie ukutani sio kwako. Ule ukuta utakuwa ndo taa yako, kubwa na laini, inaingia mpaka kwenye macho, na paji haling'ai kama ukipigwa na balbu moja kwa moja. Kabati lisiwe mgongoni kabisa, sogea mbele lau mita 1 na nusu. Taa ya dari izime kama iko juu ya utosi wako, hio ndo inayochimba mashimo kwenye macho. Na jaribu saa 1 usiku hio hio, usijaribu mchana dirisha likiwa linakudanganya.

mama wawili

Na kale ka vidrafti usikaguse, mi nililivaa kama hilo likawa linatetemeka lenyewe kifuani, watu wakashindwa kunisikiliza.

kipepeo77

Haya nimeelewa kuhusu jeupe. Ila akivaa koti la giza juu, jeupe likabaki kwenye kola tu?

FundiMwanga

@kipepeo77 hapo sasa umenipata, hio ni nzuri sana. Kola tu inatosha kuinua kidevu na haijazi fremu.

Daftari_Jeusi

Nimerudi. Nimejaribu jana na leo, muda ule ule. Mara ya kwanza uso ulikuwa mzuri ila picha inakokota na ina chenga chenga, kumbe mwanga ulikuwa mdogo mno, nikasogeza taa karibu na ukuta na mimi nikasogea, nikawa lau mita 1 kutoka ukutani, chenga zikapungua. Balbu yangu ni ya njano, karatasi ikawa na unjano kidogo ila sijafika kwenye kuonekana mgonjwa. Nimeiacha hivyo.

Mashati: jeusi limeungana na kabati mabega yakapotea. Damu ya mzee limekaa vizuri ajabu. Samawati nalo zuri, uso umechangamka, ila likiwa na ule mwanga linang'aa kuliko uso, jicho linaenda kifuani kwanza. Dada yangu kaniangalia kwenye simu yake anasema samawati, mi naona damu ya mzee.

nuru_ya_asubuhi

Damu ya mzee. Samawati ni yangu mimi 😄

FundiMwanga

Kwa kabati la kahawia ningeenda na damu ya mzee japo vinakaribiana, hakikisha mabega yanaachana na mbao. Ila dada yako kaona kwenye simu na we umeona kwenye laptopu, skrini hazifanani, sitabishana nae.

Mzee wa Ringi

Na maji usisahau.