Tupeane uzoefu: benchi ilipogoma, chuma kilikwama wapi na zoezi gani lilikitoa?

ChumaUlete (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za jioni. Benchi yangu imeganda kwenye kilo 100 tangu masika. 97.5 inapanda bila matatizo, 100 inapanda siku nikiwa nimelala na kula vizuri, 102.5 haijawahi kutoka. Jimu kila mtu ana dawa yake: huyu anasema dipsi, yule mshiko finyu, mwingine dambeli za mwinuko.

Orodha ya mazoezi ninayo, sihitaji nyingine. Ninachotaka ni hiki: chuma chako kilikuwa kinakwama sehemu gani, kifuani, katikati, au juu karibu na kunyoosha mikono? Ukaongeza zoezi gani? Kikatoka au hakikutoka? Ambao hakikutoka nao waandike, tafadhali.

KifuaMbele
Mimi kifuani kabisa. Nilikuwa napiga 90 nikijisifu, ila ni 90 ya kurusha: chuma kinashuka kwa kasi, kinadunda kifuani, kinarudi chenyewe. Tukaandaa kashindano ka wenyewe kwa wenyewe na kanuni zikawa za mashindano ya kweli, yaani chuma kitulie kifuani mpaka mwamuzi aseme sukuma. 80 ikalala pale pale.

Nilichobadili ni kimoja tu. Siku moja ya wiki benchi yote ikawa ya kutulia. Nashusha taratibu, chuma kinagusa, nahesabu mbili kimoyomoyo bila kulegeza mgongo, nasukuma. Nilianza na 65, seti tano za mara tatu. Inadhalilisha, watoto wa jimu wanakupita na uzito. Baadaye 85 ya kutulia ilipanda, na ile ya kawaida ikavuka 95 bila mimi kuifukuzia.

Angalizo: watu wengi wanatulia huku wamelegea. Chuma kinazama kifuani, mabega yanakwenda mbele, halafu wanasukuma kutoka kwenye shimo. Hapo unajizoesha ubovu.

DaktariWaTraisepsi
Mnazunguka sana. Benchi ni traisepsi. Kiwiko kinanyooshwa na nini? Traisepsi. Chuma kinakwama kwa nini? Kiwiko hakinyooki. Piga mshiko finyu, dipsi za uzito na kushusha chuma kwenye paji la uso, mara mbili kwa wiki. Mimi nilitoka 110 mpaka 120 kwa hayo tu. Mada ifungwe.

ChumaUlete
Daktari, hiyo ndiyo dawa niliyomeza miezi yote hii. Mshiko finyu wangu umetoka 80 mpaka 87.5, mikono imejaa mashati yanabana, na benchi iko pale pale 100.

SarujiTupu
Mimi chuma kinakwama kwenye vishikio. Nimejitengenezea nyumbani, makopo ya rangi yamejazwa saruji, nguzo ni za mbao. Kukitoa tu mabega yameshachoka. Hapo zoezi gani linafaa?

KochaWaZamani
SarujiTupu, wenzako wanazungumzia kukwama wakati wa kusukuma, ila swali lako lina maana yake. Nguzo zako ni ndefu. Ukilala na kushika chuma, viwiko vinatakiwa viwe vimekunjika kidogo, ili ukinyoosha tu chuma kiwe kimetoka. Kama unalazimika kunyanyua mabega ili kukifikia, mgongo ulioukaza umeshafumuka kabla hujaanza. Kata nguzo, usiongeze zoezi. Na kwa kuwa uko peke yako, usifunge makopo kwenye ncha. Siku chuma kikikulalia, ukiinamisha upande mmoja kopo lidondoke.

Daktari, kwako wewe ni kweli, kwa sababu nina hakika ulikuwa unakwama juu. Anayekwama mikono ikikaribia kunyooka, traisepsi ndiyo ya kwanza kuangaliwa. Lakini huwezi kumpa dawa hiyo hiyo mtu ambaye chuma kinamgomea kifuani. Hata zile benchi za kuweka ubao kifuani zilishamiri kwa wanyanyuaji waliovaa yale mashati magumu ya mashindano. Shati linakusukuma kutoka chini na kukuacha upambane juu, kwa hiyo ilikuwa sawa wao kufanyia kazi juu. Sisi wa fulana ya kawaida wengi tunakwama chini zaidi ya hapo.

ChumaUlete, jirekodi. Simu iwe pembeni, usawa wa benchi, usirekodi kutoka kichwani. Piga 95 mara nyingi uwezavyo, pawe na mtu wa kukusaidia, mpaka ile inayokataa. Kisha sema chuma kilianza kupunguza mwendo wapi. Pale kiliposimama si muhimu sana, mara nyingi kimeshapoteza kasi sentimita kadhaa chini ya hapo.

BintiMvita
Hamjambo nyote. Mie natokea Mombasa, benchi yangu 50 na haisogei. Hainikwamii kifuani wala juu: 50 napiga mara tatu safi, 55 hainyanyuki hata kidogo. Kocha wa jimu aniambia nikazane na pushapu. Pleti ndogo hapa kwetu ni ya 2.5.

KochaWaZamani
Dada, hapo hujakwama. Pleti mbili za 2.5 ni kilo 5 kwa mpigo, sehemu ya kumi ya uzito wako wote. Huyu wa kilo 100 ukimwambia aruke mpaka 110 atakucheka. Tafuta pleti za 1.25, au hata mnyororo wa nusu kilo kila upande, mradi vipimo vilingane. Ukikosa kabisa, kaa kwenye 50 mpaka uipige mara sita au saba ndipo uijaribu 55.

BintiMvita
Shukrani kocha. Fundi wa vyuma yupo hapo chini kwetu, nitamkatishia visahani.

ChumaUlete
Nimerekodi. 95 ilitoka mara tatu, ya nne ikakataa. Kifuani inaondoka vizuri tu, hata kwa kasi. Ikifika kama ngumi moja juu ya kifua inaanza kutambaa, kisha inasimama ngumi moja na nusu hivi. Pia nimeona kitu: inapotambaa, chuma kinapanda wima juu ya tumbo, hakirudi upande wa uso. Viwiko vimebanwa mbavuni.

KochaWaZamani
Umejijibu nusu. Chuma kinashuka mpaka chini ya kifua, lakini kinapopanda hakitakiwi kufuata njia ile ile ya wima. Kinasogea kurudi usawa wa mabega huku kikipanda. Kikibaki juu ya tumbo, chuma kinakuwa mbali na bega, bega linaelemewa na misuli ya kifua inanyimwa nafasi. Kwa hiyo kabla ya zoezi la nyongeza: kikiondoka tu kifuani, kirudishe kuelekea usoni na uache viwiko vifunguke kidogo. Ulivibana kwa sababu mshiko finyu ndio uliokuzoesha.

Nyongeza kubwa nakupa mbili tu, maana ukizidisha hutajua ni ipi iliyofanya kazi.

Siku ya kwanza ya wiki, benchi ya kawaida 80, seti nne za mara tano, ukifuata njia mpya ya chuma. Kisha benchi ya kusimamisha hewani: shusha mpaka vidole viwili juu ya kifua, simamisha bila kugusa, hesabu mbili, sukuma. Anza na 70, seti tatu za mara nne. Hii wanaiita Spoto, kwa jina la Eric Spoto, yule Mmarekani aliyepiga kilo 327.5 bila shati mwaka 2013. Inakunyima kudunda na inakulazimisha uanzie sukumo karibu kabisa na pale unapopoteza kasi.

Siku ya pili, kama jimu ina reki ya pini, weka pini chuma kikae kama ngumi moja juu ya kifua, yaani kabla ya pale kinaposimama, si pale pale. Kila mara chuma kinatulia kwenye pini mpaka kiache kutikisika, ndipo unasukuma. Anza na 70, seti tano za mara mbili. Utashangaa 70 ilivyo nzito, kwa sababu hakuna mvutano wa kushuka unaokusaidia. Malizia na dambeli za kulala, seti tatu za mara kumi, ukishuka mpaka chini. Traisepsi punguza iwe zoezi moja.

Ongeza 2.5 kila wiki kama kila mara ilikuwa safi. Chuma kikianza kupanda upande mmoja, au bega likauma kwa mbele, punguza. Usijaribu 102.5 kabla ya wiki sita.

KifuaMbele
Kocha, ambaye jimu haina reki ya pini?

KochaWaZamani
Benchi ya sakafuni. Unalala chini, mikono ya juu inagusa sakafu, unatulia, unasukuma. Ubaya wake ni kwamba sakafu ndiyo inayochagua kina, si wewe. Mwenye mikono mirefu atashikwa juu kabisa, na hapo anafanyia kazi traisepsi bila kujua. Kwa huyo kipande cha mbao ya mbili kwa nne juu ya kifua kinafaa zaidi, awepo tu mtu wa kukishikilia.

MzeeWaMwinuko
Mimi nilifanya hizo za pini mwaka mzima. Kwenye pini nikawa simba, kwenye benchi nikabaki vile vile. Kilichonisaidia ni kuongeza siku ya tatu ya benchi ya kawaida, nyepesi. Sisemi pini ni mbaya, nasema kwangu nguvu za pini hazikuhamia kwenye benchi.

ChumaUlete (mrejesho)
Wakuu, wiki sita zimekwisha. Spoto imefika 80, pini 82.5. Jana 100 ilipanda kama 90 ya zamani. 102.5 imetoka, makalio kwenye benchi, video ipo. Nikajaribu 105, ikakwama. Safari hii si ngumi moja juu ya kifua, ni juu kabisa, viwiko vikiwa vimebakiza robo.

DaktariWaTraisepsi
Nilisema nini? Traisepsi!

MzeeWaMwinuko
Au alikuwa amechoka tu, ameshapiga 100 na 102.5 siku hiyo hiyo.

KochaWaZamani
Mzee ana hoja. Jaribio moja baada ya nzito mbili halithibitishi kitu. ChumaUlete, pumzika wiki, punguza uzito kwa nusu, kisha rudia jaribio la 95 mpaka ikatae, simu ikiwa pembeni vile vile. Chuma kikipungua mwendo tena kwa juu, mshiko finyu unarudi, ila upana wa mabega, usiubane zaidi ya hapo, na viwiko visirudi mbavuni. Kikipungua kwa chini, endelea na pini.

ChumaUlete
Sawa kocha. Na Spoto niiache au niendelee nayo?

KifuaMbele
Endelea nayo. Mimi niliacha ya kutulia, nikarudi kurusha ndani ya mwezi.