Nimechoka! hess_inv ya BFGS SIYO kinyume cha Hesiani, acheni kutufundisha hivyo

Mzani_wa_Kayenze

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jana ripoti yangu ya ukuaji wa sangara imerudishwa, na aliyeirudisha ana haki. Ameuliza swali moja tu pembeni: uwiano wa L∞ na K umekuwaje sifuri kamili? Mtu yeyote aliyewahi kuchora ukuaji wa samaki kwa fomula ya von Bertalanffy anajua namba hizo mbili zinavutana. Ukipandisha urefu wa mwisho, yaani L∞, kasi ya ukuaji, yaani K, inabidi ishuke ili mstari uendelee kupita katikati ya samaki wako. Jedwali langu lilisema hazijuani kabisa.

Kazi yenyewe: sangara 214 niliowapima mwenyewe mwaloni Kayenze, alfajiri mitumbwi inapoingia, umri ukasomwa kwenye mawe ya masikio. Parameta ni 3: L∞, K, na logi ya mtawanyiko. Napunguza logi ya uwezekano iliyogeuzwa alama, kwa `minimize` ya scipy, `method='BFGS'`. Jibu likaja: L∞ sm 182, K 0.17. Kosa sanifu la L∞ likawa sm 3.2.

Nikataka kuhakikisha, nikaanzisha tena hesabu kutoka kwenye jibu lilelile. L∞ na K hazikubadilika hata tarakimu moja. Lakini makosa sanifu sasa yakawa 1, 1 na 1. Mimi, kwa mafunzo niliyopewa, nikaona hiyo ya pili ndiyo iliyotulia, nikaiweka kwenye ripoti. K ya 0.17 yenye kosa la 1!

Mafunzo hayo tulilipia. Mwezeshaji alituandikia ubaoni: chukua `hess_inv`, ile matriksi scipy inayokurudishia pamoja na jibu, chukua ulalo wake, toa kipeuo cha pili, hayo ndiyo makosa sanifu. Hakuongeza neno. Tulikuwa zaidi ya 20 kwenye chumba kile na kila mmoja amerudi kazini kwake na kanuni hiyo. Nataka mtu anieleze ile matriksi ni nini hasa.

Nyegezi_Stendi

Pole mkuu. Tatizo ni dogo, `gtol` yako imelegea. Kawaida ni 1e-5, weka 1e-9 itembee zaidi, matriksi itakaa sawa.

Bi_Mpindo

Kaka Mzani, pole sana. Nyegezi amegusa kitu cha kweli kwenye neno "itembee", ila dawa yake siyo.

BFGS haijawahi kuiona Hesiani yako, yaani matriksi ya mipindo halisi pale kwenye jibu. Inachoona ni gradienti tu. Inapiga hatua s, inaangalia gradienti imebadilika kiasi gani, tuseme y, halafu inarekebisha matriksi yake ili ikubaliane na jozi hiyo: ukiizidisha na y, ikupe s. Basi. Ukipiga hatua ya 0.1 na gradienti ikabadilika kwa 10, umejua mpindo wa upande ule ni 100. Upande ambao hujaukanyaga hujajua kitu, na pale inabaki namba iliyowekwa mwanzoni. Kwenye scipy, mwanzoni kuna matriksi ya utambulisho: 1 kwenye ulalo, 0 kwingine kote.

Sasa rudi kwenye mara yako ya pili. Uliianzishia kwenye jibu. Gradienti ilikuwa tayari chini ya `gtol`, kwa hiyo haikupiga hata hatua moja. Angalia `nit`, utakuta 0. Ulichokiweka kwenye ripoti ni matriksi ya mwanzo kama ilivyo. Zile 1 tatu hazikutoka kwa samaki wako, na ile sifuri ya uwiano pia.

Jaribu hii, huhitaji data yoyote:

```python
from scipy.optimize import minimize
f = lambda p: 0.5*(4*p[0]**2 + 100*p[1]**2)
g = lambda p: [4*p[0], 100*p[1]]
r = minimize(f, [0.0, 1.0], jac=g, method='BFGS')
print(r.nit, r.hess_inv)
```

Kinyume halisi cha Hesiani hapo kina 0.25 na 0.01 kwenye ulalo. Lakini tumeanzia juu ya mhimili wa pili, kwa hiyo inateremka upande huo tu mpaka chini. Itakupa 0.01 sahihi kabisa, na kwenye parameta ya kwanza itakupa 1. Kosa sanifu litasoma 1 badala ya 0.5, na programu itasema imefaulu. Na kweli imefaulu, maana kazi yake ilikuwa kufika chini.

Mwanza_Neva

Samahani dada, mnataka turudi kwenye Hesiani? Mimi nina mtandao wa neva wenye parameta milioni moja. Hesiani yake ni namba trilioni moja, kompyuta gani hiyo? BFGS iliundwa ili tusiihesabu.

Bi_Mpindo

Hakuna aliyesema tuiache BFGS. Kwa kutafuta jibu ni nzuri mno, na sababu imethibitishwa: Dennis na Moré walionyesha mwaka 1974 kwamba ili ifike kwa kasi kubwa, matriksi inatakiwa iwe sahihi kwenye mwelekeo wa hatua zinazopigwa. Haidaiwi kuwa sahihi kila upande. Ndiyo maana unaweza kupata jibu safi na matriksi mbovu kwa pamoja. Kaka Mzani ana parameta 3, Hesiani yake ni namba 6 tofauti. Hana sababu ya kukisia.

Dagaa_Mkavu

Mimi nafanya dagaa kwa R, `optim` na `method="BFGS"` hiyohiyo, `hessian=TRUE`, na sijawahi kuona haya. Nadhani scipy ndiyo mbovu.

Bi_Mpindo

R ikiambiwa `hessian=TRUE` haikupi matriksi ya safarini. Ikishafika kwenye jibu inahesabu Hesiani upya kwa tofauti za gradienti. BFGS ni ileile, ila umeletewa kitu kingine.

Na Nyegezi: ukikaza `gtol` wakati gradienti yenyewe inakadiriwa kwa tofauti ndogondogo, hatua za mwisho zinakuwa fupi kiasi kwamba y inajaa makosa ya ukadiriaji. Matriksi inaharibika zaidi, na mara nyingi unaletewa ujumbe `Desired error not necessarily achieved due to precision loss.`

Nyegezi_Stendi

Hilo la ujumbe limenipata mara nyingi, nikawa naupuuza. Ila kwangu kukaza kumewahi kusaidia.

Bi_Mpindo

Inawezekana, kama hatua za ziada zilikanyaga upande mpya kabla kelele haijazidi. Huwezi kuitegemea.

Mzani_wa_Kayenze

Nimekaa usiku kucha. `nit` kweli ni 0. Nimeandika gradienti kwa mkono, kisha pale kwenye jibu nikasogeza kila parameta mbele kidogo na nyuma kidogo, nikachukua tofauti ya gradienti nikagawa kwa umbali. Gradienti 6 tu, haikuchukua hata sekunde. Nikageuza matriksi: kosa sanifu la L∞ ni sm 11.3, la K ni 0.02, uwiano −0.94.

Kwa hiyo hata ile 3.2 ya mara ya kwanza, iliyoonekana ya kiungwana, ilikuwa chini ya theluthi ya ukweli. Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko zile 1. Zile 1 mtu anazishtukia. 3.2 ingepita, na mtu angekuja kupanga ukubwa wa samaki wa kuvuliwa akiamini tunajua L∞ kwa uhakika ambao hatuna.

Nimemwandikia mwezeshaji. Amejibu kwamba "kwa sampuli kubwa inakaribia".

Bi_Mpindo

Sampuli haihusiki. Hata ungepima sangara wote wa ziwa, ukianzia kwenye jibu `nit` ni 0 na matriksi ni ileile. Mtumie ile mistari mitano ya juu aiendeshe mwenyewe.

Dagaa_Mkavu

Na wale wenzako 20 na ushee, ripoti zao zimeshatoka?

Mzani_wa_Kayenze

Za watu wawili najua zimetoka. Mmoja alitumia `L-BFGS-B`, amenitumia namba zake leo asubuhi.

Bi_Mpindo

Huyo mwambie aharakishe. Ile inashika jozi 10 za mwisho tu, na zilizotangulia inazitupa. Aanzie sehemu mbili tofauti: L∞ ikitoka ileile na kosa lake likatofautiana, ameshajua.